Sare na Madaftari Kabla ya Januari

Ndugu msomaji, barua ya wiki hii imetoka Tinde, pale njia inapogawanyika, moja ikielekea Shinyanga na Mwanza, nyingine Isaka na Kahama, na ya tatu ikirudi Nzega. Aliyeiandika ni mama mwenye duka dogo, na maneno yake hayana mapambo. Januari iliyopita alinunua sketi sitini za kijani kwa ajili ya wasichana wa kidato cha kwanza wa shule moja ya sekondari ya jirani. Ishirini na tatu bado zinaning'inia dukani, karibu zote ndogo, na sasa amesikia kwamba shule hiyo inafikiria kubadili rangi. Wakati huohuo mashati meupe ya watoto wa darasa la kwanza yalimwishia katika wiki ya pili, akabaki akiwatazama wateja wakivuka barabara kwenda kwa mwenzake. Fedha aliyotumia ilitoka kwenye mpunga wa familia, na mwaka huu binti yake mwenyewe anatazamiwa kwenda sekondari. Anauliza: "Nitajuaje kiasi cha kununua, na ninunue lini?"

Nimezungumza na wenye maduka kadhaa wa upande ule, pamoja na fundi cherehani mmoja ambaye kazi yake ya mwaka mzima humalizika katika wiki tano. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza tuiangalie fedha ya Tinde inavyotembea, kwa sababu haiendi sambamba na kalenda ya shule. Mkulima wa huko hupata shilingi baada ya mavuno. Mpunga huingia ghalani kuanzia Mei na Juni, na soko la pamba hufunguliwa wakati huohuo. Shule hufunguliwa Januari, mwezi ambao mvua imekwisha kunyesha, mkulima yuko shambani anapalilia, na chakula cha mwaka jana kinapungua. Yaani mzazi anatakiwa kununua sare katika mwezi ambao mfuko wake u mtupu kuliko miezi mingine. Mwenye duka asiyelijua hili huona watoto wengi njiani, akadhani wateja ni wengi kiasi hichohicho.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukifika Oktoba uliza kama chama cha msingi kimekwisha kuwalipa wakulima wa pamba. Msimu wa 2019 wakulima wengi walicheleweshewa malipo kwa miezi, na duka lililojaza mali kwa ajili ya Januari 2020 bila kuuliza swali hilo lilikuwa likiwangojea watu wasio na fedha. Wapo pia wazazi wa aina nyingine, wale wanaochimba dhahabu Mwakitolyo au kwenye machimbo ya upande wa Kahama na Geita. Hao hawana msimu. Baba akirudi Desemba na riziki yake hununua seti nzima kwa siku moja, shati, kaptula, viatu na begi, tena bila kupunguziwa sana. Akirudi mikono mitupu, haonekani dukani. Hesabu yako usiijenge juu ya hao; wahesabu kama mvua ya ziada.

Sasa tuje kwenye kiasi. Kosa la kwanza la mama yetu ni kwamba alinunua kwa kukumbuka mauzo ya mwaka uliopita. Mauzo hayasemi watu wangapi walitaka. Husema tu wangapi walikuta. Katika daftari lake imeandikwa kwamba aliuza seti 34 za darasa la kwanza. Lakini zilimwishia, na anakumbuka wazazi saba waliouliza wakaondoka. Basi waliomtaka yeye walikuwa 41. Shule mbili anazozihudumia ziliandikisha darasa la kwanza watoto 204 mwaka ule. Arobaini na moja katika 204 ni kama mtoto mmoja katika kila watano. Hicho ndicho kipimo chake, na ni chake peke yake. Mwenye duka wa ng'ambo ya barabara atakuwa na kingine.

Uzuri wa kipimo hicho ni kwamba idadi ya watoto hujulikana mapema. Uandikishaji wa awali na darasa la kwanza kwa kawaida huanza Oktoba, na mwalimu mkuu hana sababu ya kumficha mwananchi hesabu iliyokwisha kufikiwa. Tuseme mwisho wa Novemba shule moja imeandikisha 140 na ya pili 90. Jumla ni 230. Ukigawanya kwa tano unapata 46. Mama huyu anunue seti 46 za darasa la kwanza, si 34 za mwaka jana, wala si 100 za kutamani. Na mwaka huu aweke karatasi chini ya kaunta, ili kila anayeuliza kitu akakikosa aandikwe: kitu gani, saizi gani, tarehe gani. Karatasi hiyo itamfaa mwakani kuliko kumbukumbu ya muuzaji yeyote wa jumla.

Kuhesabu watoto kuna faida nyingine: mwaka usio wa kawaida hautakukuta umelala. Wazee wetu wanakumbuka jinsi madarasa yalivyofurika baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, lilipotaka watoto wote wa umri wa shule wawe madarasani ifikapo 1977. Sisi tuliona jambo linalofanana na hilo Januari 2016, elimu bila ada ilipoanza na uandikishaji wa darasa la kwanza ukaruka ghafla. Ada iliondolewa, lakini sare na madaftari vilibaki mikononi mwa mzazi, hivyo watoto wale wote walihitaji shati. Mwaka mwingine wa namna hiyo unaonekana kwa mbali. Kwa utaratibu uliotangazwa pamoja na mtaala mpya ulioanza Januari 2024, elimu ya msingi inashuka kutoka miaka saba hadi sita, na darasa la sita na la saba yatahitimu pamoja mwaka 2027. Maana yake Januari 2028 kidato cha kwanza kitapokea mikondo miwili kwa mpigo. Atakayenunua kwa kutazama mauzo ya Januari 2027 ataishiwa katika siku tatu.

Baada ya idadi huja saizi, na hapa ndipo fedha nyingi hufia. Mtoto wa darasa la kwanza wa miaka sita au saba huvaa namba 24, pengine 26. Lakini mzazi wa Tinde hamnunulii mtoto wa leo, humnunulia wa mwakani. Atamvika shati, atatazama mikono inayofunika vidole, atasema, "Litamkaa." Kwa hiyo safu yako isogee juu kidogo. Kwa zile seti 46 ningeweka 6 za namba 22, 14 za namba 24, 16 za namba 26 na 10 za namba 28. Zinazobaki za namba 28 zitanunuliwa na mtoto wa darasa la tatu. Za namba 22 zikibaki hazina wa kumwendea. Ndiyo sababu wauzaji wengine wa jumla hupenda kukufungia dazani iliyokwisha kuchanganywa: wanaziondoa ndogo zao kupitia kwako. Omba dazani ya saizi moja, au fungua uhesabu kabla ya kulipa. Chukua pia utepe wa kupimia. Namba 26 ya kiwanda kimoja huwa sawa na 24 ya kingine, na kilicho ukweli ni upana wa kifua, si karatasi iliyoshonwa kwenye kola.

Sare ya msingi ina huruma, kwani shati jeupe na kaptula au sketi ya bluu huvaliwa katika shule nyingi, na kilichobaki leo kitauzwa Julai. Sare ya sekondari haina huruma hiyo. Sketi ya shule hii ni ya kijani, ya ile ni ya kijivu, ya tatu ina marinda mapana na mkanda wa aina yake. Ikibaki, ina shule moja tu duniani, na ndani ya shule hiyo ina msichana mmoja tu wa kiuno kile. Sketi 23 za mama yetu si bahati mbaya. Alifanya uamuzi wa saizi mapema mno, kabla hajajua wasichana ni wangapi wala wana miili gani.

Wenye maduka wazoefu huukwepa uamuzi huo kwa njia rahisi: wananunua jora, si sketi. Kitambaa kikiwa jora kinaweza kuwa kiuno cha inchi 24 au cha inchi 32, na shule ikibadili rangi kitambaa bado kinaweza kuuzwa kwa mita. Kikisha kukatwa, kimekwisha kuchagua mwenyewe.

Tuufanyie kazi mfano. Orodha ya waliochaguliwa kujiunga na kidato cha kwanza hutolewa na TAMISEMI, aghalabu Desemba, na huonyesha jina la mwanafunzi, jinsia na shule aliyopangiwa. Kijana yeyote mwenye simu anaweza kuifungua, ukaketi naye mkahesabu. Tuseme sekondari ya jirani imepangiwa wanafunzi 120, na 66 kati yao ni wasichana. Ikiwa mama yetu hupata msichana mmoja katika kila wanne, hao ni kama 16. Fomu ya kujiunga hutaka kila mmoja awe na sketi mbili, lakini wazazi wengi hununua moja kwanza, ya pili hungoja mavuno. Basi ahesabu sketi 20, si 32. Nane azishone mapema kwa viuno vya katikati ambavyo fundi anajua huenda haraka. Kumi na mbili zilizobaki azihifadhi zikiwa kitambaa. Fundi wake hutumia mita moja na nusu kwa sketi moja ya marinda, hivyo mita 30 zinatosha kwa zote. Jora alipime mwenyewe kwa rula ya mita mbele ya muuzaji, maana mita mbili zilizopungua ni sketi moja na zaidi.

Hapo sharti fundi aingie katika hesabu ya siku. Wa mama huyu hushona sketi tano kwa siku akiwa na utulivu, lakini Januari hana utulivu. Ana kazi za watu wengine, na umeme ukikatika hurudi kwenye cherehani ya miguu. Tuseme atamtolea sketi mbili kwa siku. Sketi 12 ni siku sita. Sasa tazama tarehe za kufungua shule: mwaka 2022 ilikuwa Januari 17, mwaka 2023 Januari 9, mwaka 2024 Januari 8, mwaka 2025 Januari 13. Zinapishana kwa zaidi ya wiki, na wiki hiyo ndiyo tofauti kati ya kushona na kukimbizana. Kalenda ya mihula hutolewa mapema. Muulize mwalimu kabla ya kupatana na fundi, na malipo ya awali uyatoe kabla ya Krismasi, kwani fundi humtumikia aliyemlipa.

Wala usidhani kwamba siku ya kufungua ndiyo mwisho wa soko. Katika miaka ya karibuni viongozi wameagiza mara kadhaa kwamba mwanafunzi wa kidato cha kwanza apokewe hata kama hana sare, akae darasani na ile ya shule ya msingi wakati mzazi anatafuta. Ni agizo jema kwa mtoto, na kwa mwenye duka limebadilisha umbo la msimu. Zamani watu walisongamana katika siku kumi. Sasa wengine hufika mwisho wa Februari, hata Machi. Ndiyo sababu nyingine ya kubakiza kitambaa.

Je, fedha igawanywe vipi? Mama yetu anasema anaweza kutenga shilingi 1,800,000. Mwaka jana alizimaliza zote kwa safari moja ya Kahama, wiki ya Krismasi, akakuta saizi za katikati zimeisha akachukua zilizopo. Hapo ndipo sketi ndogo zilipotoka. Safari hii 800,000 zitoke mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, kwa vitu visivyobadilika: mashati meupe, kaptula na sketi za bluu, sehemu ya madaftari. Barabara ya lami haina neno, lakini mvua zikichanganya, udongo mweusi wa mbuga huzifunga njia za vijijini, na mteja wa mbali hununua mapema au hanunui kabisa. Katika safari hiyo idadi ya darasa la kwanza haijakamilika; anunue theluthi mbili ya makisio na kumalizia Desemba. Shilingi 600,000 zingoje orodha ya kidato cha kwanza. Zile 400,000 za mwisho zisiguswe hadi wiki ya pili ya Januari, ili kilichokwisha kirudishwe. Tinde ina bahati: Kahama na Shinyanga mjini ni safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Anayetegemea Kariakoo peke yake hana bahati hiyo. Jengo lilipoanguka pale Novemba 16, 2024, waliokuwa wamepanga kununua wiki ile ilibidi wangoje.

Madaftari nayaeleza kwa ufupi, kwa sababu ni bidhaa yenye subira. Daftari la kurasa 48 lisiponunuliwa Januari litanunuliwa Machi, na muhula wa pili utaanza Julai. Hapo unaweza kuzidisha kidogo bila kuumia. Kosa liko kwenye aina. Mtoto wa darasa la kwanza anahitaji mistari mipana na daftari la miraba la hesabu. Wa darasa la tano atataka kurasa 64 au 80. Wa sekondari ataulizia kaunta buku. Mwombe mwalimu wa darasa orodha yake. Mzazi hatanunua orodha nzima kwa siku moja, atachukua matatu na kurudi, kwa hiyo nunua ya wiki sita, si ya mwaka. Dukani kwa muuzaji wa jumla fungua daftari moja uhesabu karatasi: kurasa 64 ni karatasi 32. Andika kwa kalamu ya wino, geuza upande wa pili. Wino ukionekana, mwalimu ataliona hilo kabla yako na atawaambia wazazi. Ukifika nyumbani uyaweke juu ya mbao, mbali na ukuta. Mchwa wa Shinyanga husoma kuanzia chini.

Limebaki swali la mkopo, na mama yetu ameliuliza kwa aibu kidogo, kwa kuwa wanaomkopa ni majirani na shemeji zake. Mali kauli ya Januari hulipwa Juni, mpunga ukivunwa. Maana yake duka limemkopesha mzazi kwa miezi mitano, katika miezi ileile ambayo wewe mwenyewe unahitaji fedha ya kuongeza madaftari. Wapo wenye maduka waliogeuza jambo hili miguu juu: wanapokea fedha ya sare Julai na Agosti, mkulima anapokuwa nayo, kidogo kidogo, na kuandika kwenye kadi mbili, moja ya mzazi na moja ya duka. Januari mzazi huja kuchukua. Mpango huu ni mzuri na una mitego miwili. Wa kwanza ni kwamba fedha ile si yako. Iweke mbali na ya duka, maana Oktoba ukiikosa umewavika watu maneno. Wa pili ni mtoto mwenyewe. Usimpime Julai. Kati ya Julai na Januari atarefuka, na shati ulilomwekea litarudi dukani likiwa limekunjuliwa. Andika jina na malipo Julai, mpime wiki ya mwisho ya Desemba.

Na zile sketi 23? Nimemshauri mama huyu asingoje uvumi wa rangi. Amwendee mkuu wa shule sasa, aulize waziwazi kama rangi inabadilika na kuanzia kidato kipi. Mara nyingi mabadiliko huanza na wanafunzi wapya, wakongwe huendelea na sare yao hadi wamalize. Ikiwa ni hivyo, sketi zake bado zina wateja kwa miaka mitatu, ila si kwa viuno vilivyopo. Fundi amezitazama na kusema kumi na tano kati yake zina pindo la kutosha kiunoni na chini kuweza kufunguliwa na kuongezwa, nane haziongezeki. Hizo nane aziuze kwa bei aliyonunulia, Julai hii, wakati watu wana fedha za mpunga, kwa wasichana wembamba wanaotafuta sketi ya pili.

Ameniuliza pia kuhusu sweta. Januari Tinde ni joto, na mzazi huliacha sweta liwe la mwisho. Achukue manane tu kwa ajili ya wale wachimbaji wanaonunua seti nzima. Ya asubuhi za baridi za Juni na Julai atayafuata Mei.